Kumfuta Mpita Njia Bila Kubuni Ukuta

Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Mwili wake, pamoja na mikono inayobembea, huchukua upana wa sentimita 60 hivi. Piga hesabu hiyo na utaona kwamba, akipita mbele ya ukuta, sehemu yoyote ya ukuta huo anaiziba kwa chini ya nusu sekunde. Kabla ya hapo ukuta ulikuwa wazi, na baada ya hapo uko wazi tena.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo siri ya kazi ambayo wahariri wa video huombwa kila mara: "Yule aliyepita pale nyuma, unaweza kumtoa?" Siku hizi jibu la haraka ni kumwekea alama mtu huyo, kubonyeza kitufe, na kuiachia programu ijaze pengo kwa kubuni kilichokuwa nyuma yake. Mara nyingine matokeo huridhisha. Mara nyingine ukuta huanza kuchemka, mlango ukaota misumari isiyokuwepo, na maandishi yakageuka michoro isiyosomeka. Lakini ikiwa kamera ilikaa juu ya tripodi bila kutikisika, mara nyingi hakuna haja ya kubuni chochote. Kilichokuwa nyuma ya mpita njia kimo ndani ya video ileile, sekunde chache kabla au baada. Kazi ni kukichukua huko na kukirudisha mahali pake.

Kuelewa tofauti ya njia hizo mbili, yaani kubuni na kurudisha, ndiko kunakoamua kama video itaonekana safi au itaonekana imechezewa.

Mlango, kanzu na fremu 350

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mtengeneza filamu amesimamisha kamera katika uchochoro wa Mji Mkongwe, Zanzibar, akielekeza lenzi kwenye mlango wa kuchonga. Mlango una misumari ya shaba iliyopangwa kwa safu, na juu yake kizingiti chenye maandishi ya Kiarabu. Pembeni kuna baraza ambalo paka amelala juu yake, na kutoka roshani ya juu imeanikwa khanga inayopepea. Klipu ina sekunde 14. Kamera inarekodi fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo tuna fremu 350. Upana wa picha ni pikseli 1920, na pale mlangoni picha inaonyesha kama mita 5 za ukuta.

Katikati ya klipu anapita mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe, kutoka kushoto kwenda kulia. Jua liko nyuma yake, hivyo kivuli kinamtangulia. Kivuli kinaingia kwenye fremu ya 74, mwenyewe anaingia fremu ya 88, na anatoka kabisa baada ya fremu ya 187. Ni kama sekunde nne na nusu tangu kivuli kionekane hadi mtu aondoke.

Sasa chagua nukta moja tu, tuseme msumari mmoja wa shaba katikati ya mlango. Mtu huyu anauziba kwa fremu 11 hivi. Katika fremu nyingine takriban 339, msumari huo unaonekana, isipokuwa chache ambazo umepitiwa na kivuli. Hakuna programu yoyote, hata iwe na akili kiasi gani, itakayobuni msumari huo vizuri kuliko kamera iliyouona karibu mara 340.

Kwanza hakikisha kamera haikutikisika

Yote yanayofuata yanategemea sharti moja: pikseli iliyo mahali fulani katika fremu ya 74 iwe inaangalia sehemu ileile ya ukuta katika fremu ya 300. Usiamini kwa sababu tu unakumbuka kwamba tripodi ilikuwepo. Pima.

Weka nakala mbili za klipu moja juu ya nyingine katika programu ya kuhariri. Ya chini iache mwanzo, ya juu isogeze ili ionyeshe fremu za mwishoni, kisha ichanganye ya juu kwa hali iitwayo Difference. Hali hii hutoa thamani ya pikseli moja kwenye nyingine na kukuonyesha kilichobaki. Kama kamera ilitulia, skrini nzima itakuwa nyeusi, isipokuwa khanga inayopepea na punje punje hafifu. Ukiona mistari myembamba inayong'aa kwenye kingo za mlango na safu za misumari, jua kamera imesogea, hata kama ni kwa pikseli moja.

Sababu za kusogea ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Mtu amebonyeza kitufe cha kurekodi kwa kidole na tripodi ikachukua sekunde moja kutulia. Sakafu ni ya mbao na watu wanapita juu yake. Upepo unapiga mkanda wa kamera unaoning'inia. Sababu inayosahaulika zaidi ni utulizaji wa picha, ule mfumo wa kamera au simu unaopunguza mtikisiko wa mkono. Kwenye tripodi mfumo huo hauna mtikisiko wa kuzuia, lakini bado unaweza kuisogeza picha polepole kutafuta mahali pa kutulia. Uzime kabla ya kurekodi. Ikiwa umeshachelewa na msogeo ni mdogo, ifungie picha kwanza kwa zana ya kufuatilia nukta, ukitumia nukta mbili zisizotembea kama vile misumari miwili ya mlango, ndipo uendelee.

Kipimo hichohicho hufichua jambo jingine: mpita njia hubadilisha picha hata pale mwili wake usipofika. Ikiwa kamera iliachwa ijipangie mwanga yenyewe, kanzu nyeupe inapoingia kamera hudhani mahali pamekuwa na mwanga mwingi, ikapunguza, na mlango mzima ukawa mweusi zaidi kwa sekunde nne. Ikiwa fokasi nayo iliachwa huru, lenzi humrukia mtu aliye karibu, mlango ukaingia ukungu, na kwa lenzi nyingi picha nzima hutanuka au kusinyaa kidogo fokasi inapohama. Mambo haya hayafutiki kwa kumfuta mtu. Utamwondoa mwenye kanzu, lakini mlango utaendelea kufifia na kurudi bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana anayejua atapita watu hufunga kila kitu kwa mkono: mwanga, fokasi na rangi.

Fremu moja safi kutoka nyingi chafu

Njia inayojulikana zaidi ya kurudisha ukuta ni kutengeneza fremu safi, yaani picha moja ya mahali pale bila mtu yeyote. Wengine hufikiri inapatikana kwa kuchanganya fremu zote na kutafuta wastani. Tujaribu kwa msumari wetu. Tuseme mwangaza wake ni 60 katika kipimo cha 0 hadi 255, na kanzu ni 230. Kwa fremu 350, ambazo 11 kati yake zina kanzu, wastani unakuwa 65.3. Tofauti ya namba tano inaonekana ndogo, lakini inajirudia kote alikopita mtu, na jicho linaona utepe hafifu wa ukungu unaokatisha mlango. Huyo ni mzuka wa kanzu.

Badala ya wastani, tumia thamani ya katikati. Zipange thamani 350 za nukta hiyo kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua iliyo katikati ya mstari. Zile 230 kumi na moja zinakwenda kujipanga mwishoni kabisa na hazina nguvu ya kuivuta ile ya katikati, ambayo inabaki 60 au karibu na hapo. Mtu hafifii, bali anatoweka. Watu wanaweza kupita wengi, mmoja baada ya mwingine, na njia hii bado itafanya kazi, mradi kila nukta iwe wazi kwa zaidi ya nusu ya fremu ulizotumia.

Huhitaji fremu zote. Toa moja katika kila kumi, upate 35. Katika Photoshop fungua File > Scripts > Statistics, chagua Median, mpe mafaili hayo 35, na programu itakutolea picha moja ya mlango bila mwenye kanzu.

Njia hii ina kipofu chake, na kipofu hicho kilikuwepo tangu enzi za mwanzo za upigaji picha. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na kwa muda huo magari ya farasi na watu waliokuwa wakipita hawakuacha alama yoyote. Barabara yenye shughuli nyingi ikaonekana tupu. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama pembeni akisafishiwa viatu, kwa sababu yeye alitulia. Thamani ya katikati nayo iko hivyo: humwondoa anayepita, humwacha anayekaa. Kama mwenye kanzu angesimama mlangoni kwa sekunde nane kati ya kumi na nne akizungumza na jirani, hesabu ingemhesabu yeye kuwa ndiye ukuta.

Kiraka kilicho hai

Fremu safi ni nzuri kwa kutazama, lakini ukiibandika ilivyo juu ya video utagundua kasoro. Kila video ina punje punje ndogo zinazocheza, hasa sehemu za giza. Kitambuzi cha kamera hakitoi thamani ileile mara mbili, kwa hiyo hata ukuta uliotulia huwa na uhai fulani. Thamani ya katikati ya fremu 35 imezifuta karibu punje zote hizo. Basi, kiraka kinakaa pale kimya na kimekufa, huku mlango uliokizunguka ukicheza. Mtazamaji wa kawaida hatajua kusema ni nini, lakini jicho lake litavutwa kwenda palepale.

Kwa klipu yetu kuna njia bora na rahisi zaidi. Kuanzia fremu ya 188 hadi ya 350 uchochoro ni mtupu. Hizo ni fremu 163 za video hai, zenye punje zake mwenyewe. Tunachohitaji kufunika ni fremu ya 74 hadi ya 187, yaani 114. Tunazo za kutosha, na ziada juu.

Weka klipu kwenye njia ya kwanza ya video. Weka nakala yake kwenye njia ya pili, juu yake, na uikate ibaki fremu ya 192 hadi ya 321. Isogeze nyuma ili ianze pale penye fremu ya 66 na iishe pale penye ya 195. Zote mbili zina fremu 130, na kiraka kimetoka sekunde tano mbele. Kwa fremu nane za mwanzo, 66 hadi 73, fanya kiraka kiingie polepole kutoka asilimia 0 hadi 100. Fremu nane za mwisho kitoke vivyo hivyo. Ikiwa jua limebadilika kidogo katika sekunde hizo tano, badiliko litakuja taratibu badala ya kuruka.

Ukiishia hapo, umefunika picha nzima, na khanga iliyoanikwa juu itaonekana ikiruka kutoka pepeo moja hadi jingine. Hapo ndipo maski inapoingia. Maski ni umbo linaloiambia programu: kiraka kionekane hapa tu, kwingine iachwe video ya asili.

Maski yetu haihitaji kufuata vidole vya mtu wala pindo la kanzu. Kwa sababu kiraka ni ukuta uleule wa kweli, hakuna ubaya maski ikiwa kubwa kuliko mtu. Katika kujaza kwa kubuni mambo ni kinyume, maana kila sentimita unayoongeza ni sentimita nyingine ya kubahatisha. Hapa tunaweza kuchora umbo moja la mstatili linaloanzia chini ya picha hadi juu kidogo ya kichwa cha mpita njia, likavuka uchochoro wote, na kuliacha limesimama kwa fremu zote 130. Khanga iko juu ya maski, kwa hiyo inaendelea kupepea kwa wakati wake. Kingo za maski zilainishwe kwa pikseli 30 au 40, na ule wa juu upitishe mahali palipo tulivu, kama chokaa tupu, usikate katikati ya maandishi ya kizingiti.

Maski kubwa isiyotembea inashindwa pale kitu kingine kinapotembea ndani ya eneo lake. Hapo itabidi uichore ndogo na kuisogeza pamoja na mtu. Mpita njia wetu anasogea kama pikseli 21 kwa kila fremu. Ikiwa shata ilikuwa 1/50 ya sekunde, katika kila fremu anajikokota kiasi cha pikseli 11, na kingo zake zina ukungu wa upana huo. Maski inayobana mwili itaacha ukungu huo nje, nao utaonekana kama kivuli kisicho na mwenyewe. Ipanue kwa pikseli 25 kila upande. Na usisahau vitu vitatu ambavyo si mwili wake lakini ni vyake: kivuli kinachomtangulia, sura yake katika dimbwi la maji au kioo cha dirisha, na mwanga ambao kanzu nyeupe hurusha kwenye ukuta anapoupita kwa karibu.

Na paka? Akilala fofofo muda wote, hana tatizo. Lakini tuseme kwenye fremu ya 150 ameinua kichwa, na katika fremu za kiraka bado kakiinua. Kiraka kitaingia taratibu kwenye fremu ya 66, na paka aliyekuwa amelala atageuka paka aliyeamka kwa kuyeyuka, kama kwenye sinema za majini. Tiba ni kumtenga. Ichore maski isimguse paka, isipokuwa kwa zile fremu 11 na chache za pembeni ambazo mtu amemziba. Kwa fremu hizo, mpe kiraka chake mwenyewe kutoka fremu za kabla tu ya kuzibwa. Nusu sekunde ya paka aliyetulia haitamshangaza mtu.

Pale ambapo kubuni ni lazima

Kuna hali ambazo ukuta haukuonekana hata mara moja. Mtu alikuwa amesimama pale kabla kamera haijawashwa na akabaki hadi ilipozimwa. Au klipu ina sekunde mbili tu na kundi zima linapita. Hapo ndipo kujaza pengo kwa kubuni kunapokuwa na kazi halali, na inafaa kujua programu inafanya nini.

Mbinu za mwanzo za kompyuta zilifanya kile ambacho mafundi wa kukarabati michoro ya zamani hukifanya kwa brashi. Mwaka 2000 Marcelo Bertalmío na wenzake watatu walieleza namna ya kuiendeleza mistari na rangi kutoka ukingo wa pengo kwenda ndani. Njia hiyo inafaa kwa mkwaruzo mwembamba, lakini pengo la upana wa mtu hugeuka doa la rangi iliyopakazwa. Baadaye zikaja mbinu za kunakili: programu hutafuta vipande vinavyofanana kwingineko katika picha na kuvipandikiza. Content-Aware Fill ya Photoshop, iliyotoka mwaka 2010, ni ya aina hiyo. Inajaza chokaa na nyasi vizuri sana. Mlango wa kuchonga inaujaza kwa misumari iliyonakiliwa, na safu ya misumari saba yaweza kuwa nane. Mifumo ya karibuni, iliyofundishwa kwa picha nyingi mno, hubuni umbo jipya kabisa. Inajua mlango huwaje kwa jumla, lakini mlango huu haiujui. Kwenye kizingiti itaandika kitu chenye umbo la Kiarabu ambacho hakuna Mwarabu wala Mswahili atakayeweza kukisoma.

Mwaka 2019 After Effects ilipata Content-Aware Fill ya video. Hii kwanza hujaribu kurudisha: hufuatilia mwendo wa picha na kuchukua pikseli kutoka fremu ambazo mahali pale palikuwa wazi. Kwa kamera iliyotulia, kwa kweli inafanya kile tulichokifanya kwa mkono. Inapokosa fremu yoyote iliyo wazi ndipo inapobuni, na inaweza kubuni tofauti kidogo kutoka fremu moja hadi nyingine. Ukiicheza, sehemu hiyo huchemka.

Tripodi inatupa dawa ya kuchemka. Usiiruhusu programu ibuni mara 350. Toa fremu moja, ijaze kwa zana ya picha za kawaida, irekebishe kwa mkono hadi misumari ihesabike sawasawa na ile iliyo wazi upande wa pili wa mlango, kisha ishikilie picha hiyo moja katika klipu nzima chini ya maski. Kubuni kumefanyika mara moja tu, na kumetulia. Mwisho, iongezee punje bandia. Chagua kipande cha ukuta wa asili kando ya kiraka, kikuze mara tatu kwenye skrini, na ongeza punje za kiraka hadi pande zote mbili zicheze kwa ukubwa na kasi ileile.

Majani ya mnazi na mawimbi ya bahari yana kanuni zake. Thamani ya katikati huyageuza kuwa ukungu laini, kwa hiyo isitumike. Kiraka cha video kutoka wakati mwingine hukaa vizuri, maana hakuna anayekumbuka jani lilikuwa wapi sekunde tano zilizopita. Tatizo ni ukingo: wimbi linaloingia upande mmoja wa maski na kukatika ghafla. Pitisha ukingo penye mpaka wa asili, kama ukuta wa gati au mstari wa mchanga.

Namna ya kumkamata aliyefutwa vibaya

Kabla ya kuitoa video, itazame kama mtu anayetafuta kosa. Icheze kwa kasi mara mbili: mpigo wa mwanga ambao kwa kasi ya kawaida unafichika utajitokeza. Pandisha mwangaza na mkolezo kupita kiasi kwa muda, na ukingo wa kiraka utajichora wenyewe kama upo. Rudia kile kipimo cha Difference, safari hii kati ya video ya asili na uliyohariri. Nje ya maski pawe peusi tii. Ndani uone mtu, kivuli chake, na punje tu. Ukiona pia umbo la mlango, kiraka kimekaa kando kwa pikseli moja au mwanga wake haulingani.

Kisha vitazame viumbe vilivyobaki. Paka anayegeuza shingo taratibu kufuata kitu kisichokuwepo ataifichua kazi yote. Hali kadhalika mtoto aliye dirishani anayemwitikia mtu salamu.

Mwisho funga macho usikilize. Mtu amefutwa, lakini kandambili zake bado zinapiga jiwe kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Sauti ina njia yake ya kurekebishwa: chukua mlio wa mahali penyewe kutoka fremu zilezile 192 hadi 321, zisizo na mtu, uuweke mahali pa sauti ya asili, na uyeyushe miunganiko miwili kwa nusu sekunde. Ikiwa wakati huo mtu anazungumza mbele ya kamera, sauti haibadilishwi hivyo, na pengine ni bora kumwacha mpita njia.

Wapi hafutwi

Kuna video ambazo hata ufundi ukiwa kamili, kazi hii haifanywi. Katika habari, aliyepita ni sehemu ya tukio. Shirika la Associated Press lina kanuni inayokataza kuongeza au kuondoa chochote katika picha, na mwaka 2014 lilikata uhusiano na mpiga picha mmoja wa kujitegemea aliyefuta kamera ya mwenzake iliyoonekana kwenye kona ya picha kutoka Syria. Kamera hiyo haikubadilisha maana ya picha, lakini shirika halikulitazama hilo. Kwa tangazo la hoteli, video ya muziki au filamu ya kubuni, hakuna anayedai kwamba uchochoro ulikuwa mtupu siku ile. Filamu ya kumbukumbu iko katikati ya hizo mbili, na hapo mtengenezaji hana budi kuamua kabla ya kufungua programu, maana kuondoa mtu ni rahisi kuliko kueleza baadaye kwa nini aliondolewa.

Kwa anayerekodi, funzo la kivitendo ni fupi. Funga mwanga, fokasi na rangi kwa mkono, zima utulizaji, na ukishapata unachotaka usikimbilie kuzima kamera. Iache iendelee sekunde 20 au 30 bila mtu kuigusa, na kama watu hawakatiki, iache dakika mbili. Hakuna haja ya kumsimamisha yeyote wala kumwomba azunguke. Kila anayepita ataziba ukuta kwa nusu sekunde yake, na muda uliobaki unatosha kuurudisha.